Runinga iliyopinda au bapa: kabla ya kuchagua, kaa kwenye kila kiti cha sofa

Runinga zilizopinda bado zinaulizwa sana, hasa zilizotumika. LG na Samsung walizionyesha za OLED, yaani zenye nukta zinazojitolea mwanga zenyewe, kule Las Vegas Januari 2013, na kwa miaka michache zikawa ndizo runinga za kifahari. Kufikia 2017, LG walikuwa wamerudisha runinga zao zote za OLED kwenye skrini bapa. Kwa hiyo anayeletewa iliyopinda leo, mara nyingi ni ya mkono wa pili, na swali huwa lilelile: je, ule mpindo una faida, au watu wa pembeni ya sofa ndio wanaoumia?

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Runinga ni ya inchi 55, mpindo wake ni 4200R. Namba hiyo maana yake ni kwamba skrini ni kipande cha duara ambalo kutoka kitovu hadi ukingo ni milimita 4200, yaani mita 4.2. Skrini ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na kwa mpindo huo kingo zake husogea mbele kwa sentimita 4 na nusu tu. Sofa ni ya watu watatu, iko mita 2.5 kutoka kwenye skrini, na anayekaa pembeni yuko sentimita 90 kutoka katikati.

Aliye katikati ndiye aliyeahidiwa kwamba picha itamzunguka. Ahadi hiyo haisimami. Skrini bapa inachukua nyuzi 27 na nusu za upeo wa macho yake, na iliyopinda inachukua 28. Tofauti ya nusu nyuzi hakuna jicho litakaloihisi. Faida anayoipata kweli ni nyingine: kingo za skrini zimemgeukia. Kwenye bapa anaziangalia kwa mshazari wa nyuzi 14, kwenye iliyopinda ni kama 6. Kama paneli ni ya VA, aina ya LCD ambayo weusi wake hufifia na kuwa kijivu ukiitazama kwa upande, picha yake inakuwa sawasawa zaidi kutoka ukingo hadi ukingo. Ni faida ndogo, lakini ipo.

Sasa aliye pembeni, tuseme mkono wa kulia. Wengi huamini kwamba mpindo unamharibia rangi. Ukipiga hesabu, habari si hiyo. Ukingo ulio karibu naye kweli unampa mgongo kidogo: kwenye bapa angeuona kwa mshazari wa nyuzi 7, sasa ni 15. Lakini ukingo wa mbali umemgeukia: ulikuwa 31, sasa ni 23. Anachopoteza huku anakipata kule. Kama rangi zimepauka ukiwa kwenye kiti cha pembeni, usilaumu mpindo. Tazama aina ya paneli, kwa sababu VA bapa nayo itapauka, wakati OLED au IPS, aina nyingine ya LCD, zitahimili zaidi, ziwe zimepinda au la.

Madhara yenyewe yako kwenye mwanga unaoakisiwa, na hapa ndipo tunapowaomba wateja wetu wawe makini.

Skrini iliyozimwa ni kioo cheusi. Ikiwa bapa, aliye pembeni anaona ndani yake eneo pana la chumba. Ukuta ulio mita 4 mbele ya runinga ataona sehemu yake yenye upana wa mita 3 na zaidi. Taa yenye upana wa sentimita 30 ikiwa kwenye ukuta huo itaonekana kama doa, kama sehemu moja ya kumi ya upana wa skrini. Inakera, lakini picha iliyobaki ni safi. Skrini iliyopinda hufanya kama upande wa ndani wa kijiko: huchukua sehemu nyembamba ya chumba na kuitandaza. Mtu yuleyule, ukuta uleule, sasa anaona kipande cha sentimita 55 tu, kimevutwa hadi kujaza skrini nzima. Taa ileile ikiangukia kipande hicho inageuka kuwa mstari wa mwanga uliolala kwenye zaidi ya nusu ya upana wa picha. Dirisha likiwa hapo, skrini yote inapauka. Lakini taa ikiwa nje ya kipande hicho, haoni chochote, na atakuambia runinga haina tatizo.

Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja hubishana kuhusu runinga moja na wote wakawa wanasema kweli. Kila kiti kina kipande chake cha ukuta. Aliye katikati anaona sehemu ya nyuma yake mwenyewe, yenye upana wa sentimita 80 na kitu. Aliye kulia anaona kipande kilicho kushoto, na aliye kushoto anaona cha kulia. Anayetazama peke yake anahitaji kusafisha kipande kimoja tu, na akishakisafisha anakuwa na skrini tulivu kuliko bapa yoyote. Sofa ya watatu ina vipande vitatu, na ni nadra vyote vikose dirisha au taa.

Kupima ni rahisi. Zima runinga mchana, mapazia yakiwa kama yalivyo siku zote, ukae kwenye kila kiti na kutazama ule weusi. Rudia usiku taa zikiwaka. Ukiona mstari mpana wa mwanga kutoka kiti kimoja, tafuta unatoka wapi kisha hamisha taa au funga pazia. Isipowezekana, zungusha runinga nyuzi 5 tu. Mwanga unaoakisiwa huhama maradufu, nyuzi 10, na kwenye ukuta wa mita 4 hiyo ni karibu sentimita 70, ya kutosha kukwepa taa. Lakini rudi ukae kwenye vile viti vingine, maana vipande vyao navyo vimehama.

Jambo la pili ni urefu wa kuitundika. Iliyopinda ikiwa kwenye usawa wa macho, kingo zake za juu na chini huonekana zimenyooka vya kutosha. Itundike ili ukingo wa chini uwe mita moja juu ya macho, na mstari huo utaonekana umebonyea katikati kwa karibu sentimita 2. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha yatafuata bonde hilo, na kila aliye kwenye sofa ataliona. Wateja wanaotaka runinga juu ukutani tunawashauri wachukue bapa, bila kujali wako wangapi.

Ukikagua iliyotumika, iwashe gizani ikiwa na picha nyeusi tupu na uangalie pembe nne. Kama ni ya LCD, yaani yenye taa nyuma ya paneli, paneli hiyo imelazimishwa kukaa kwenye mpindo kwa miaka, na mkazo huo unaweza kuachia mwanga uvuje pembeni, ukaonekana kama ukungu mweupe. Marekebisho ya rangi hayauondoi. Ukiuona kabla ya kulipa, iache.