Sahani usizilaze, mwanangu

Mwanangu,

Dada yako ameniambia Jumamosi unahama Mbagala kwenda Tegeta, na hadi jana vyombo vyote vilikuwa bado kabatini. Usiku usingizi haukunijia. Sahani zile, mwanangu, usizilaze.

Zisimamishe kwa ubavu, kama madaftari kwenye rafu. Ya chini ikilala hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na gari likiingia shimoni ndiyo inayopasuka. Kila moja izungushie kurasa mbili za gazeti, tandika nguo kuukuu chini ya boksi, na pembeni jaza khanga na taulo. Kabla ya kufunga, litikise polepole. Ukisikia vinagongana, ongeza nguo. Boksi liwe dogo, maana kubwa likijaa vyombo huachia kitako mikononi mwa mbebaji.

Zile za maua za bibi yako, miaka yote nimesema walizivunja wabebaji. Vijana wale walibeba vizuri. Zilikuwa zimelazwa, na aliyezipanga si wao.

Maboksi yaandike kwa maka peni ubavuni, si juu, kwani yakibebanishwa juu hapaonekani. Andika chumba na namba: "Jiko 3". Kilichomo kiandike daftarini, ili jioni usifungue maboksi kumi kutafuta chandarua. Wewe ndiye uliyenipangia duka hadi wateja wakasifu. Sijui kwa nini mambo yako mwenyewe huyaacha hadi siku ya mwisho.

Anza leo na nguo usizovaa na vyombo vya wageni. Jiko liwe la mwisho. Friji izime Ijumaa asubuhi iyeyuke, uikaushe, nayo isafiri ikiwa wima. Wakiilaza, ukifika iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufunge, uvue regyuleta, nao usimame.

Kenta ije alfajiri, foleni haijaanza. Friji na kabati vitangulie kupakiwa, vifungwe kamba. Boksi la sahani lisikae mkiani mwa gari, huko nyuma ya tairi ndiko kunakorusha zaidi. Likae mbele, libanwe na godoro, na juu yake pasiwekwe kitu hata mto. Mwambie dereva mwenyewe, usimtume mtu.

Umeme wiki hii nunua kidogo kidogo. Yuniti zikibaki kwenye mita ya LUKU atazikuta mpangaji mwingine.

Sufuria kubwa ya pilau ni yangu, mpe dada yako Ijumaa. Baba yako mguu unamsumbua, lakini anasema atakuja kukufungia kitanda, usimruhusu kubeba. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, fundi nimemwita.

Ukimaliza boksi la kwanza nipigie, hata ikiwa usiku, uniambie sahani zimesimama.

Mama yako