Barua kwa Mwanangu: Karata za Bibi Mshenga

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia hulali tangu siku ya posa itajwe. Nami sikulala mwaka 1994. Ngoja nikueleze jioni ile Majengo, Pumwani, kwa bibi aliyekuwa mshenga wetu.

Alitukalisha mkekani, mimi huku, baba yako kule, kahawa katikati. Akatoa karata zilizolainika kama kitambaa. Kwanza aliondoa za mbili hadi za sita, zikabaki 32. Akampa baba yako azichange, mimi nikazikata kwa mkono wa kushoto. Kisha akapanga tisa, safu tatu za tatu tatu: juu yaliyopita, katikati yaliyopo, chini yajayo. Kopa ni moyo, akasema, uru ni pesa, pau ni kazi na safari, shupaza ni taabu.

Safu ya juu aliipita upesi. Ya katikati ikaanza na kumi ya shupaza. Hapo bibi hakuitazama karata hata kidogo. Alitazama mikono ya baba yako. Kidole gumba kilikuwa kinasugua ukingo wa mkeka, nyuzi zimeanza kukatika.

"Hii ya nani?" akauliza. Kimya. Akajimiminia kahawa, akanywa yote, hakuongeza neno.

"Ni yangu," baba yako akasema mwishowe. Alikuwa amekopa shilingi elfu nne, akanunua robota la mitumba pale Gikomba, likafunguliwa likawa na makoti mazito matupu, na joto la Januari limeshapamba moto. Mkopeshaji alikuwa anamdai kila Ijumaa. Alikusudia kuniambia baada ya harusi.

Nililia. Bibi akafunika karata zilizosalia bila kuzisoma.

Baba yako alipotoka kuniitia gari, nilimwuliza bibi karata zimejuaje. Akanishika mkono. "Karata hazijui kitu, mwanangu. Shupaza ziko nane ndani ya 32. Ukipanga tisa, mara mia moja utaikosa kabisa kama mara tano tu. Na kila anayetaka kuoa ana jambo lake. Mimi nanyamaza tu mpaka alitoe."

Masheikh wanakataza ramli, na wana haki. Mimi mwenyewe nisingekushauri uende kutafuta bahati yako kwenye karata. Lakini kile kimya cha bibi nimekikumbuka miaka yote. Ajabu, wapo waliotoka kwake wakiwa wameficha vilevile, kwani aliyezoea kusema uongo mkono wake hautetemeki. Kwa hao bibi alirudi kuuliza majirani.

Siku ya posa baba yako alikwenda kwa babu yako, akalitaja deni lote kabla ya mahari kutajwa. Babu akauliza limebaki kiasi gani, akaomba kahawa nyingine.

Njoo na kijana wako Jumamosi alasiri. Mkeka ule ninao bado, na ule ukingo haujashonwa.

Mama yako