Viatu vya 40, marejesho ya 16: pesa ya punguzo huenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naandika kwa sababu ya jozi moja ya viatu iliyonifikia ikiwa na vyote viwili vya mguu wa kushoto. Kosa la namna hiyo hutokea ghalani, na sina kinyongo nalo. Kinachonikera ni hesabu iliyofuata baada ya kuvirudisha. Kazi yangu ni uhasibu, na nimekaa na hesabu hiyo jioni mbili nikiigeuza huku na huku. Naomba nafasi niiweke mbele ya wasomaji wako, maana naamini wengi wamepunjwa kwa njia hii wakadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Niliagiza mtandaoni vitu vitatu katika oda moja: koti, viatu na begi. Nitataja namba tupu bila sarafu, kwa kuwa hesabu haibadiliki. Koti bei yake 50, viatu 40, begi 30, jumla 120. Nilikuwa na msimbo wa punguzo uliokata 24 kwa oda yoyote inayofika 100. Juu ya hapo nilitumia pointi 120 nilizojikusanyia, zenye thamani ya 12. Nikalipa 84 taslimu, na kwa malipo hayo nikapewa pointi mpya 84.

Viatu vikarudi dukani. Baada ya siku chache nikaona marejesho kwenye akaunti yangu: 16. Pointi nilizotumia hazikurudi hata moja. Zile mpya 84 nazo zilifutwa zote, ingawa koti na begi ninavyo na nimevilipia.

Nilipiga simu. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa heshima, akaangalia, kisha akasema, "Kaka, mfumo ndio umekokotoa." Nilimwomba anisomee mfumo umekokotoa vipi. Hakuwa na mahali pa kusoma, kwa sababu kwenye kompyuta yake ilionekana namba ya mwisho tu. Simlaumu yeye. Ila tangu siku hiyo nimejiuliza inakuwaje duka liweze kukata pesa ambayo mfanyakazi wake mwenyewe hawezi kuieleza.

Basi nikaitafuta mwenyewe. Ile 16 ilipatikana hivi. Viatu vilipoondolewa, mfumo uliihesabu oda upya kana kwamba tangu mwanzo niliagiza koti na begi peke yake. Jumla ya hivyo viwili ni 80, haifiki 100, kwa hiyo msimbo ukafutwa wote. Nikaonekana nadaiwa 80 kamili. Pointi zangu za 12 zikaachwa pale pale zilipo, zikilipia sehemu ya ile 80, na iliyobaki, yaani 68, ikachukuliwa kutoka kwenye 84 niliyolipa. Tofauti ni 16.

Ukiitazama haraka, hesabu hiyo inakubalika, na hapo ndipo ugumu ulipo. Inakubalika pale mnunuzi anapobadili nia kwa hiari yake. Tuseme nilitaka koti na viatu tu, jumla 90, nikaongeza begi la 30 ili nivuke kiwango cha 100, nikakatiwa 24, kisha begi nikalirudisha makusudi. Duka likinirudishia sehemu ya begi kwa uwiano, nitapata 24, na koti na viatu vitakuwa vimenigharimu 72 badala ya 90. Huo ni ujanja, na mfanyabiashara ana haki ya kuuzuia. Akihesabu upya atanirudishia 6 tu, nami nitakuwa nimelipa 90, bei halisi ya nilivyobaki navyo. Sina ugomvi na hilo, ilimradi sharti liwe limeandikwa waziwazi kabla sijalipa.

Lakini mimi sikubadili nia. Nilitaka viatu, nikavilipia, duka likaleta vya kushoto viwili. Oda yangu ilishuka chini ya 100 kwa kosa la duka, na mfumo ukaniadhibu kana kwamba nimefanya ule ujanja wa begi. Sababu ya kurudisha niliichagua mwenyewe kwenye fomu yao, nikaweka alama penye "bidhaa yenye kasoro". Taarifa wanayo, ila hesabu yao haiisomi. Ni hivyo hivyo pale duka linapofuta kitu kimoja katika oda kwa kuwa kimeisha ghalani: mnunuzi hakufanya lolote, ila punguzo lake linaweza kutoweka.

Hesabu iliyo sawa kwa mtu wa aina yangu ni ya uwiano. Viatu vya 40 katika jumla ya 120 ni theluthi moja. Kwa hiyo theluthi ya punguzo, yaani 8, ni ya viatu, na theluthi ya pointi nilizotumia, yaani pointi 40 zenye thamani ya 4, ni ya viatu pia. Iliyobaki ni 28 taslimu. Nilistahili kurudishiwa 28 kwa njia niliyolipia, na pointi 40 kwenye akaunti yangu ya pointi. Koti na begi vinabaki na sehemu zao za punguzo, na katika pointi mpya 84 zinafutwa 28 tu, zile zilizotokana na viatu. Msomaji yeyote anaweza kuipata namba yake kwa mstari mmoja: bei ya kitu kinachorudi, igawe kwa jumla ya bei kabla ya punguzo, kisha zidisha kwa pesa uliyolipa. Kwangu ni 40 kugawanya kwa 120, mara 84. Kama msimbo ulikuwa wa bidhaa moja tu, si wa oda nzima, punguzo lote ni la bidhaa hiyo, na uwiano hauhusiki.

Wala uwiano si jambo nililolibuni mimi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 15, kinachotumika tangu 2018, kinataka kampuni inayouza vitu kadhaa kwa pamoja iligawe punguzo kwa uwiano wa bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake, isipokuwa pale panapokuwa na ushahidi kwamba punguzo ni la baadhi ya vitu tu. Pointi nazo, zikiwa zinampa mteja faida ya maana, zinahesabiwa kuwa sehemu ya kile alichokilipia, na kampuni haiiandiki sehemu hiyo kuwa mapato mpaka pointi zitumike au muda wake uishe. Maana yake, kwa duka linalofuata kiwango hicho, punguzo langu limeshagawanywa vitabuni tangu siku ya mauzo. Mgawanyo huo upo. Nashindwa kuelewa kwa nini mkaguzi auone na mimi niliyelipa nisiuone.

Nimekutana pia na njia ya tatu, mbaya kuliko hizo mbili. Baadhi ya mifumo hulibebesha punguzo lote kitu kinachorudi. Kwangu ingekuwa 40, toa 24, toa 12, nibaki na 4. Utaitambua kwa alama moja: marejesho yako yamepungua kwa kiasi kile kile hasa cha msimbo na pointi ulizotumia. Na njia ya kuhesabu upya nayo ina shimo lake. Mtu akiongeza kitu cha 15 juu ya vitu vya 90, anafika 105, anakatiwa 24, analipa 81. Akikirudisha kile cha 15, mfumo unaona alipaswa kulipa 90, yaani bado anadaiwa 9. Mfumo ukikomea kwenye sifuri, mnunuzi atakuwa amerudisha mali na hakupata chochote. Hata kama alibadili nia kwa hiari, duka lilipaswa kumwonyesha hiyo sifuri kabla hajapeleka kifurushi posta.

Kuhusu pointi nina neno la ziada, kwa sababu ndipo watu wasipoangalia. Pointi zilizotumika zikirudishwa, mara nyingine hurudi na tarehe yake ya zamani ya kuisha. Ulizitumia zikiwa zimebakiza wiki, kifurushi kikachukua wiki tatu kwenda na kurudi, zinaingia kwenye akaunti na kufa siku hiyo hiyo. Kwenye taarifa utaona zimeongezwa, na mstari wa chini yake zimetolewa. Duka lililochelewesha kwa kosa lake linapaswa kuzipa muda mpya, angalau siku zile zile zilizokuwa zimebaki siku ya kununua.

Na kuna hasara moja ambayo hata uwiano hauiponyi. Nilipotaka kununua viatu vile vile tena, safari hii kulia na kushoto, bei ilikuwa 40. Msimbo ulikuwa wa kutumika mara moja, umeshakufa. Ile 8 iliyokuwa punguzo la viatu imepotea hata kama ningerudishiwa 28 yangu kamili. Kwa hiyo nawashauri wasomaji: mkiletewa kitu chenye kasoro na bado mnakitaka, msikubali haraka kurudishiwa pesa. Ombeni kibadilishwe ndani ya oda ile ile, ili bei, punguzo na pointi vibaki kama vilivyoandikwa. Mimi nilibonyeza "rudisha pesa" kwa kuwa kilikuwa kitufe cha kwanza.

Ninachowaomba wenye maduka si kikubwa. Risiti ya oda ionyeshe, mbele ya kila kitu, bei yake, sehemu yake ya punguzo, sehemu yake ya pointi, na pesa taslimu iliyobaki. Ni safu mbili tatu za ziada. Senti zisizogawanyika ziwekwe kwenye kitu cha mwisho, ili ukijumlisha safu ya mwisho upate kiasi kile kile kilichotoka mfukoni mwako, bila senti kuzidi wala kupungua. Na kabla mtu hajathibitisha kurudisha, aonyeshwe atapata nini na atapoteza nini, akiwa bado ana nafasi ya kughairi.

Nimeandika dukani mara mbili nikiambatanisha hesabu hii yote. Mara ya kwanza walinirudishia pointi 56, zile za koti na begi zilizofutwa kimakosa. Mara ya pili wameniambia suala la pesa taslimu limepelekwa kitengo kingine. Bado nawadai 12 taslimu na pointi 40, na viatu viwili vya kushoto wameshavipokea.

Wako,
Msomaji mhasibu