Ramani ya bure ya tovuti na kurasa 95 zisizomo

Swali hili halituishii: “Mnanitoza vipi kwa faili ambalo mtandaoni linatengenezwa bure kwa dakika mbili?” Ni kweli, faili la sitemap.xml, yaani ramani inayoiorodheshea Google anwani za kurasa zako, linapatikana bure. Unaandika anwani ya tovuti, zana inafuata viungo, unapakua faili na kulipakia kwenye seva. Siku hiyo liko sawa. Kazi inaanza ukibadilisha kitu.

Chukua duka la samani lililokuwa na kurasa 180 faili lilipotengenezwa. Miezi mitatu baadaye mwenye duka ameondoa bidhaa 40, ameongeza 65, na 30 amezihamisha kutoka /bidhaa/ kwenda /viti/. Duka sasa lina kurasa 205, faili bado lina anwani 180 zilezile. Kati ya hizo, 40 zinaleta 404, yaani ukurasa haupo, 30 zinamwelekeza roboti wa Google kwingine, na anwani 95 zilizo hai hazimo kabisa. Roboti anaweza kuzifikia kwa viungo, ila bidhaa inayopatikana kwa kisanduku cha kutafutia tu haina kiungo cha kufuata. Zana ya bure nayo itaikosa, hata ukiirudia kila wiki.

Ndiyo maana sisi ramani tunaitoa kwenye hifadhidata ya duka lenyewe. Ukurasa unaingia ukiwa umechapishwa, unafunguka kwa jibu la 200, haujawekewa noindex, alama ya kuiambia Google isiuonyeshe, na anwani yake ndiyo rasmi. Bidhaa ikifutwa, mstari wake unatoka. Ikihama, anwani ya zamani inawekewa 301, yaani uelekezo wa kudumu kwenda mpya, na mpya ndiyo inayoandikwa:

```
<url>
  <loc>https://example.com/viti/kiti-cha-mninga</loc>
  <lastmod>2025-03-14</lastmod>
</url>
```

Anwani iandikwe nzima, kuanzia https. Ikiwa na alama ya &, alama hiyo ifuatiwe na herufi amp na nukta mkato, la sivyo faili lote linaweza kushindwa kusomeka kwa herufi moja tu.

Tarehe ya lastmod, yaani ya badiliko la mwisho la ukurasa, ndiyo inayochezewa sana. Kuna wanaoweka tarehe ya leo kwenye kila ukurasa ili Google ije haraka. Google huitumia tarehe hiyo pale inapoiona ni ya kweli. Ikigundua inadanganya, inaacha kuiamini, na siku umebadilisha bei kweli huna tena namna ya kuiambia. Sisi tunaibadilisha maudhui yakibadilika tu. Vipengele vya priority na changefreq hatuviweki, kwa sababu Google haivisomi.

Faili moja linabeba anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, kwa hiyo maduka mengi hayahitaji la pili. Anwani yake tunaiandika kwenye robots.txt, faili la maelekezo kwa roboti, na kuliwasilisha Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, mara moja. Baada ya hapo, kila mwezi tunalinganisha idadi ya kurasa inayoonekana pale na idadi iliyomo kwenye hifadhidata. Zikitofautiana, tunatafuta mstari kwa mstari, na muda huo ndio mnaoulipia.

Hatuahidi kwamba Google itaonyesha kila ukurasa. Ramani inaitajia anwani. Kuuchukua ukurasa au kuuacha ni uamuzi wake.