Barua ya Wazi kwa Meneja wa Forodha: Tuandikieni Kodi kwa Kiswahili

Mheshimiwa Meneja,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kutoka dukani kwangu Makoroboi, Mwanza. Juzi nimelipa kodi ya fedha ambayo sikuitumia, kwa sababu ukurasa wenu wa malipo umeandikwa Kiingereza kitupu.

Niliagiza saa za ukutani China. Ankara yangu ilisema jumla shilingi 500,000: bidhaa 400,000 na usafiri 100,000, bima ikiwa humohumo. Kwenye simu nikakuta `Total value`, nikajaza 500,000 kama ankara inavyosema. Chini yake kulikuwa na `Freight`. Nikamwita mwanangu wa kidato cha pili, akasema ni mzigo au nauli, hana hakika. Tukajaza 100,000. `Duty` akaniambia ni zamu, maana shuleni kwao kuna mwalimu wa zamu. Mheshimiwa, mtoto hakukosea. Hilo ndilo neno alilofundishwa.

Kumbe sanduku la kwanza lilitaka bei ya bidhaa peke yake, na mfumo ndio unaojumlisha nauli. Nauli yangu ikahesabiwa mara mbili, thamani ikawa 600,000. Ushuru wa asilimia 25 ukawa 150,000 badala ya 125,000. VAT nayo haitozwi kwenye bei tupu, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo kosa likazaa kosa: asilimia 18 ya 750,000 ni 135,000, wakati nilipaswa kulipa 112,500. Hata tukiacha tozo ndogondogo, nimezidisha shilingi 47,500. Hiyo ni faida yangu ya saa zile, na zaidi.

Ningeweza kusimama niulize? Chini ya ukurasa kulikuwa na mstari mwekundu, `Storage`, nao ulipanda kila siku mzigo ulipolala ghalani Dar es Salaam. Nilibonyeza `Confirm` kwa hofu. Namba ya kumbukumbu ikaja, nikalipa kwa simu, ndipo kijana wa kutoa mizigo akanionyesha kosa. Sasa naambiwa niandike madai ya kurejeshewa na kuambatanisha ankara. Fomu yake nayo ni ya Kiingereza.

Nakukumbusha, Mheshimiwa, ulipokutana na wafanyabiashara ulituahidi ukurasa wa Kiswahili kabla ya mwaka kwisha. Mwaka umekwisha. Nadhani mfumo ulinunuliwa nje ukawekwa kama ulivyokuja, lakini matangazo ya kutuhimiza kulipa kodi huja kwa Kiswahili safi, hakuna anayekosa kuyaelewa.

Sikatai kulipa. Naomba sanduku la kwanza liandikwe "Bei ya bidhaa bila usafiri", la pili "Gharama ya usafiri". Kama mengine hayawezekani mwezi huu, hayo mawili tu, Mheshimiwa. Hayo mawili tu.

Wako mtiifu,
Mama muuza saa, Makoroboi