Sura yangu kwenye tangazo la krimu yenu

Kwa Meneja wa Masoko,

YAH: KUTUMIA PICHA YANGU KATIKA TANGAZO BILA RIDHAA YANGU

Jumanne iliyopita wifi yangu alinitumia tangazo la krimu yenu ya kuondoa madoa, akauliza: "Kumbe ulikuwa na madoa yote haya, mbona hukuniambia?" Nilifungua nikajikuta nimewekwa mara mbili. Upande wa "Kabla" mashavu yangu yamejaa madoa meusi ambayo sijawahi kuwa nayo, na upande wa "Baada" yametakata. Krimu yenyewe sijawahi hata kuishika.

Nilipopiga simu kwa huduma kwa wateja, kijana aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba yule dada hayupo duniani, ametengenezwa na akili mnemba, na watu hufanana. Ni kweli watu hufanana. Lakini naomba mfungue viambatisho viwili, tangazo lenu na picha halisi, mviangalie pamoja.

Picha halisi ilipigwa na mpwa wangu siku ya sherehe ya familia, nami nikaiweka kwenye ukurasa wangu miaka miwili iliyopita. Asubuhi ile hereni moja ilinipotea, nikavaa zisizolingana: pete sikio la kulia, kipini sikio la kushoto. Dada yenu "asiyekuwepo" naye amevaa hivyohivyo. Nina kovu linalokata nyusi ya kushoto, nililolipata utotoni, naye analo palepale, Kabla na Baada. Krimu imefuta madoa ya kubuni ikaacha kovu la kweli.

Tena tazameni bega la kulia. Kwenye picha yangu mwanangu amesimama nyuma, mkono wake umenishika bega. Ninyi mmemwondoa mtoto, ila vidole vyake vinne havikuondoka vizuri. Vimebaki kama mikunjo minne ya nguo, imelala sambamba mahali ambapo kitambaa hakina sababu ya kujikunja. Hapo ndipo nilipolia, niseme ukweli.

Nilimwomba mtu anayefanya usanifu wa picha aziweke moja juu ya nyingine, ya juu akiififisha nusu ili ya chini ionekane. Macho, pua, kidevu na mwinamo wa kichwa vilikaa pamoja. Akanieleza kwamba mashine iliyopewa maneno matupu, "mwanamke anayetabasamu", haiwezi kubahatisha kovu, hereni mbili tofauti na mkono wa mtoto kwa mpigo mmoja. Mtu aliipakia picha yangu kama kielelezo, akaiagiza ibadilishe kidogo tu. Kwa hiyo "imetengenezwa na mashine" inaeleza mlivyoifanya kazi. Ruhusa mliipata kwa nani, hilo halijajibiwa.

Mkisema picha ilikuwa wazi mtandaoni, kuanika nguo uani si kuzigawa. Niliiweka ionwe na ndugu na marafiki. Sijasaini fomu yoyote ya ridhaa, wala mpwa wangu aliyeipiga hajaombwa.

Naomba tangazo lisimamishwe mara moja, katika vipimo vyake vyote na kwenye kurasa za mawakala na wauzaji mliowapelekea, kwa sababu kulifuta kwenye ukurasa wenu peke yake hakuzigusi nakala walizonazo wao. Nijulisheni kwa maandishi lilianza lini, limepita wapi na nani alilitengeneza.

Faili iliyopakiwa na maelekezo yaliyoandikiwa mashine msivifute sasa, maana ndiyo ushahidi. Vitunzeni hadi suala hili liishe, kisha vifutwe nami nipewe uthibitisho. Na kama picha zangu zilitumika kuifundisha modeli yenu ya akili mnemba izoee sura hii, kufuta picha hakutoshi. Modeli hiyo itaweza kunitoa tena kesho nikiuza kitu kingine, kwa hiyo nayo itupwe.

Malipo tutayazungumza, kwa kuwa mmefanyia biashara uso wangu. Kabla ya hapo nataka marekebisho yachapishwe palepale tangazo lilipokaa, yaseme kwamba mwanamke yule hakutumia krimu, kwamba madoa yalichorwa na picha ilichukuliwa bila ruhusa. Wapo walionunua kwa kuamini ngozi yangu, na maoni ya baadhi yao yako chini ya tangazo. Mmoja anauliza dada huyu alipaka kwa wiki ngapi.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msiponijibu nitaipeleka, pamoja na viambatisho, kwa mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, na kwa mwanasheria. Skrinishoti zote zenye tarehe na anwani ya ukurasa ninazo, hata mkilishusha tangazo leo.

Wenu,
Mwenye sura