Risala ya wakulima na wasindikaji wa mkonge kwa mgeni rasmi, uzinduzi wa banda la brashi, Korogwe, Februari 2024

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Waheshimiwa viongozi mliofuatana naye,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Asalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na Tanga oyee!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, maana barabara uliyopita wewe mwenyewe umeiona na hatuna haja ya kukueleza. Wazee wetu husema Tanga waja leo waondoka leo. Sisi tunakuomba uwe mgeni wa namna nyingine kidogo, anayeondoka leo na kukumbuka kesho.

Historia yetu ni fupi. Mkonge uliingia Pangani mwaka 1893, miche 62 iliyonusurika katika safari ndefu ya majini, na mengine yote ya zao hili unayajua kuliko sisi. Kikundi chetu kilianza kwa kukodi mashine ya watu. Leo tuna korona yetu ndogo ya kukamua majani, waya za kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge, na hili banda la brashi utakalolifungua, ambalo sisi tunaliita kiwanda ingawa jirani zetu wanasema ni banda. Singa zetu zimeanza kupata daraja zuri kwa sababu hazichanganyiki tena na vumbi. Hayo ndiyo mafanikio. Changamoto ndogo ndogo, yaani transfoma, daraja la kwenye kijito na choo cha wafanyakazi, tumeziorodhesha kwenye nakala utakayokabidhiwa. Leo hatutazisoma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie kwa jambo moja tu, nalo ni ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayosomeka SDL kwenye fomu za malipo.

Hatuipingi tozo. Tunafahamu kuwa mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili yake, bali mwajiri ndiye anayeitoa mfukoni mwake. Tunafahamu kuwa tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi kwa mwezi, kutoka asilimia 4, na kwamba inatakiwa ilipwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Tunafahamu pia kuwa tangu mwaka 2021 anayehusika ni mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea, badala ya wanne. Siku ile tuliposikia kumi tulinunua soda. Katika fedha hizo, theluthi moja imetengwa kwa mafunzo ya ufundi stadi. Fundi wetu wa korona alijifunza kwa kumshikia mzee mmoja spana kwa miaka minne, lakini hilo tuliache.

Kinachotusumbua ni hesabu, na tunaomba uitazame kama tunavyoiona sisi.

Kikundi kina watu tisa wasiofanya kazi ya shamba: watano wa korona, watatu wa kuanika, na mhasibu. Kwa wastani kila mmoja anapata shilingi 280,000, hivyo jumla ya mwezi ni shilingi 2,520,000. Aidha kuna wakataji 14 wanaoshinda shambani na mapanga, kila mmoja shilingi 200,000, jumla shilingi 2,800,000. Sheria inamsamehe mwajiri wa shamba kwa wafanyakazi wanaofanya kilimo moja kwa moja, na kilimo peke yake. Lakini msamaha huo hauwagusi wanaosimamia shamba wala wanaosindika mazao. Kwa hiyo mkataji anasamehewa, na anayelisha majani kwenye korona hasamehewi. Mkonge ni ule ule, ila mpaka umepita katikati yake.

Mwaka 2022 tulikwenda dirishani TRA kuuliza. Tukajibiwa kwa upole: ninyi ni wakulima, wakataji hawahesabiwi, mnabaki tisa, hamfiki kumi, nendeni mkalime. Tozo yetu ikawa sifuri.

Julai 2023 tukarudi, maana mzee wetu mmoja ana tabia ya kutoamini jambo jema lisilo na karatasi. Tukakuta mtumishi mwingine. Huyu akasema vichwa vinahesabiwa vyote, kwa hiyo ninyi ni 23 na mmeshavuka kumi. Msamaha unaingia baadaye, kwenye mishahara. Basi lipeni asilimia 3.5 ya zile 2,520,000 za korona. Hiyo ni shilingi 88,200 kwa mwezi. Tukalipa, Julai mpaka Desemba, na risiti zote zipo. Katika malipo yale ya Julai mhasibu wetu alikosea akapiga hesabu kwenye mshahara uliokwisha kukatwa asilimia kumi ya NSSF, zikapungua shilingi 8,820. Tozo hii hupigwa kwenye mshahara ghafi, kabla ya makato yoyote. Tulijigundua wenyewe na kulipa pungufu, hakuna aliyetukumbusha.

Januari mwaka huu ikaja barua ya mtumishi wa tatu. Inasema kikundi kinachosindika si mwajiri wa shamba tena, msamaha wote umeanguka, na tozo ni ya watu wote 23. Asilimia 3.5 ya shilingi 5,320,000 ni shilingi 186,200 kwa mwezi. Tofauti ni 98,000 kila mwezi, kwa miezi sita 588,000, na riba juu yake. Tumetakiwa tujieleze ndani ya siku 30.

Sheria moja, kikundi kimoja, daftari moja la mishahara, na majibu matatu: sifuri, 88,200 na 186,200. Hatusemi nani amekosea. Kila mmoja wa watumishi hao alituonesha neno ndani ya sheria na kulisoma kwa sauti. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyetuandikia hata mstari mmoja, ila huyu wa tatu, na yeye ameandika anapodai.

Hapa tukiri na sisi udhaifu wetu, maana mtu akificha kidonda hapati dawa. Lile neno "peke yake" linatubana kweli. Siku za mvua kubwa wakataji hawaingii shambani, basi huwa tunawavuta wawili watatu waje kuanika singa au kuzoa mabaki chini ya korona. Mchana mmoja tu, lakini kwa sheria mtu huyo si mkulima peke yake tena, na ukaguzi ukija utamkuta na majimaji ya mkonge yakimchonyota mikononi, hakuna pa kujificha. Tangu Agosti mhasibu anapiga mistari kwa rula kwenye daftari la mahudhurio: S kwa aliyeshinda shambani, K kwa aliyegusa korona. Mwenye K hata moja katika mwezi, mshahara wake wa mwezi mzima tunauingiza upande wa kulipiwa. Agosti walikuwa wawili, Septemba mmoja, na tuliongeza malipo ya tozo kwa ajili yao, jumla shilingi 21,000, ambazo hazijatolewa katika zile 588,000. Tangu Oktoba hakuna, kwa sababu siku ya mvua mkataji sasa anakaa kwake. Analalamika, na ana haki ya kulalamika. Vibarua wa kupakia lori nao tunawaandika, kwa kuwa malipo ya kibarua nayo yanahesabiwa. Sisi tunajitahidi kuusimamia mpaka huo. Tunaomba tu tuambiwe umepita wapi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, banda unalolifungua leo linahitaji watu wawili wa brashi. Vijana wenyewe wamekaa pale mstari wa pili, wamevaa aproni mpya, na wamekuja kukuona wewe. Tukifuata jibu la kwanza, lile la mwaka 2022, leo tuko tisa na hatulipi kitu. Tukiwaajiri hawa tunakuwa 11, na hapo tozo haiwashiki hao wawili tu. Inawashika wote 11 kuanzia shilingi ya kwanza: asilimia 3.5 ya 3,080,000, yaani shilingi 107,800 kila mwezi, juu ya mishahara ya hao wawili ya 560,000. Tukifuata jibu la pili au la tatu, tumeshavuka kumi zamani, na wawili hawa wanaongeza shilingi 19,600 tu. Unaona, Mheshimiwa, kwamba hatuwezi hata kupanga mshahara wa vijana wale bila kujua jibu lipi ndilo la kweli. Wapo wenzetu walioshauri tuandikishe banda hili kwa jina lingine, kila upande ubaki chini ya kumi. Mkutano mkuu ulikataa. Tumekataa kwa kunyoosha mikono, na muhtasari upo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kumwandikia mlipakodi uamuzi juu ya mpango wake, na mlipakodi akiwa ameeleza kila kitu kwa ukweli, uamuzi huo unamfunga Kamishna. Hicho ndicho tunachoomba. Hatuombi kusamehewa wala kupunguziwa, na ile barua ya Januari tutaijibu wenyewe. Tunaomba uamuzi wa maandishi kwa hali itakayokuwepo kuanzia Machi, banda likiwa na watu: je, wakataji wanahesabiwa katika kumi au hawahesabiwi, na je, kikundi chenye korona bado ni mwajiri wa shamba kwa wakataji wake?

Mheshimiwa, tuwie radhi kwa kusema hili. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi kwa kipaza sauti kuwa angemleta ofisa hapa hapa chini ya mwembe ndani ya wiki mbili. Tulipanga viti. Mgeni wa mwaka jana alisema suala hili amelichukua, na hatuna shaka kuwa alilichukua, kwa sababu hatujaliona tena. Wote wawili tuliwapa madafu na mkeka kama tutakavyokupa wewe.

Safari hii tumebadili utaratibu kidogo. Barua ya maombi tumekwisha iandika. Imeambatanishwa na orodha ya wafanyakazi 25 na kazi ya kila mmoja, daftari la mishahara la miezi sita, nakala za kurasa zenye S na K, na picha ya korona ikiwa inafanya kazi. Ipo katika nakala mbili. Moja utaondoka nayo. Ya pili tunaomba, kabla ya kukata utepe, uigongee muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe ya leo kwa mkono wako mwenyewe. Kalamu ipo mezani, mbele ya madafu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama